Uzoefu wangu: barua ya kuahirisha masomo, kwanza kwa Kiswahili kisha kwa Kiingereza

Juni 2024 mama alipata kiharusi. Wakati huo nilikuwa nimeshapata nafasi ya shahada ya uzamili ya afya ya jamii katika chuo kikuu kimoja cha Uingereza, masomo yaanze Septemba, na malipo ya awali nilishatuma. Nikakaa usiku mmoja nikaandika barua ya kuomba kuahirisha mwaka. Siku ya nne chuo kikajibu kwa maswali mawili: je, ninajitoa kwenye masomo? Na mgonjwa ni nani hasa, maana mimi nimeandika mama na barua ya hospitali niliyoambatanisha inamtaja mtu mwingine?

Nilisoma barua yangu mara tatu bila kuona kosa. Mwenzangu wa kazini akanielekeza kwa mwalimu mmoja mstaafu wa Kiingereza hapa Tanga. Anafanya kazi ya barua katika chumba kilicho nyuma ya duka la stesheneri, ana meza moja, viti viwili na kamusi kuukuu. Anatoza shilingi 30,000 kwa vikao viwili, kila kikao kama saa moja na nusu. Naeleza hapa nilivyohudumiwa, kwa sababu wengi tunaandika barua za namna hii na tunaharibikiwa pale pale.

Kikao cha kwanza hakuigusa barua yangu ya Kiingereza. Alinipa karatasi akasema, "Mwanangu, mwandikie kwa Kiswahili mtu mzima mwenye heshima zake, ila hajui lolote la kwenu." Nikaanza kama tulivyofundishwa shuleni: YAH, kichwa cha habari kwa herufi kubwa, kisha "kwa heshima na taadhima naomba uhusike na kichwa cha habari tajwa hapo juu". Nikaeleza nilivyolelewa, ugonjwa ulivyoanza, hali ya nyumbani, na mwisho kabisa nikaweka ombi, halafu "naomba kuwasilisha". Ilifika ukurasa mmoja na nusu.

Akaniambia nipigie mstari kila jambo ambalo msomaji asipolijua hawezi kuamua. Ilikuwa mistari sita tu: kozi ninayosoma, tarehe ya zamani na tarehe ninayoomba, nani anaumwa, kwa nini mimi ndiye wa kumuuguza, hadi lini, na barua ya hospitali. Nilipoitazama ile karatasi hivyo, nikagundua kwamba sikuandika mahali popote kuwa bado nakitaka chuo, wala sikuuliza yale malipo yangu ya awali yatakuwaje. Mambo hayo mawili yalikuwa yananinyima usingizi, na sikuyaandika hata kwa lugha yangu.

Hilo ndilo lililonifanya nielewe kwa nini anaanza na Kiswahili. Sikuwa na upungufu wa maneno ya Kiingereza peke yake. Barua yenyewe ilikuwa haijakaa sawa, na laiti ningeendelea kupambana na Kiingereza nisingeliona hilo, kwa sababu akili yote ingekuwa kwenye sarufi. Akanirudisha niiandike upya kwa Kiswahili hicho hicho, ombi likiwa sentensi ya kwanza. Ilitoka nusu ukurasa. Nakiri ilinikwaza kidogo, kwetu mtu hafiki mlangoni akaomba kabla ya salamu. Mwalimu akasema afisa yule anasoma barua nyingi kwa siku, na heshima anayoitaka ni kujua mapema anaombwa nini.

Kikao cha pili ndipo tukaingia kwenye Kiingereza, na hapo ndipo thamani ya pesa yangu ilipo. Alichukua ile karatasi ya Kiswahili akaigeuza kifudifudi. Akaniachia orodha ya mambo yale tu, yakiwa manane sasa, kila jambo maneno mawili matatu. Nikaambiwa niandike Kiingereza kutoka kwenye orodha. Nikikwama, nisiulize "neno hili kwa Kiingereza ni nini", niulize "hapa ninataka ajue nini".

Baada ya hapo akatoa barua yangu ya zamani tuone ilivyovunjika. Nilikuwa nimefikiri kwa Kiswahili "nimeshindwa kuja Septemba", nikaandika "I have failed to come in September". Kwetu kushindwa huku hakuna lawama: njia imejifunga, mtu hakupenda. Mwingereza akiona "failed" anaona aliyejaribu akaanguka, au aliyeacha. Ndiyo sababu waliuliza kama ninajitoa. Tena neno langu la ombi lilikuwa "I beg", kwa kuwa kamusi ilinipa hivyo kwa naomba. Naomba yetu tunaitumia hata dukani tukitaka chumvi, ila "beg" yao ni ya mtu aliyepiga magoti. Kutoka kwenye orodha nikaandika: "I am writing to ask whether I could defer my place on the MSc in Public Health from September 2024 to September 2025." Na baada yake: "I still very much want to take it up." Ukitafuta neno la kushindwa humo hulipati, na maana yangu yote imo.

Sehemu iliyotuchukua muda mrefu ni mama. Yeye ni mama yangu mdogo. Mama mzazi alifariki nikiwa na miaka mitatu, na tangu hapo sijawahi kumwita huyu kwa jina jingine. Kwa hiyo niliandika "my mother", nikiwa sina nia ya kumdanganya mtu. Hospitali wao waliandika "aunt", kama ilivyo kwenye faili. Ukiwa mbali, ukiona karatasi mbili zinapishana namna hiyo, utashuku tu. Mwalimu akaandika "my aunt" akasonga mbele.

Nikakataa. Nilimwambia, "Mwalimu, huyo uliyemwandika ni mtu wa kumtembelea sikukuu. Wataniuliza kwa nini niache masomo kwa ajili ya shangazi." Alinyamaza, kisha akasema nina haki. Tukajaribu "my foster mother", akaikataa mwenyewe kwa sababu kwa Waingereza hiyo ina sura ya kiserikali, mtoto aliyekabidhiwa na ustawi wa jamii. Mwisho tukapata: "My aunt, who brought me up after my mother died, had a stroke in June." Karatasi ya hospitali inakubaliana nayo, na uzito wa mama umebaki. Naona hii ndiyo sentensi bora katika barua nzima, na isingepatikana kwa kutafuta neno la mama mdogo kwenye kamusi, maana neno walilo nalo halisemi nani alikulea.

Mtoto wa mama mdogo nilikuwa nimemwita mdogo wangu, aliyekuwa akifanya kazi Maskati na aliyetarajiwa kurudi Julai 2025 kunipokea jukumu. Kiswahili hakikunidai niseme ni wa kiume au wa kike, wala ni ndugu wa tumbo moja au la. Kiingereza kinadai. Tukaandika "her son", basi, msomaji hana haja ya kuchora ukoo wetu.

Kwenye nyakati nilikosea mara moja tu, lakini kosa linastahili kutajwa kwa sababu nimeliona kwa wengi. Kwa Kiswahili "amelazwa tangu Juni" inatosha, ile -me- inabeba kitendo na hali iliyoendelea hadi leo. Mimi niliandika "she is admitted since June". Inatakiwa "she has been in hospital since June". Mwalimu alinipa kipimo chepesi: kila ukiona tangu katika kichwa chako na jambo bado linaendelea, tarajia "has been" au ndugu yake.

Kabla ya kuchapa kuna hatua nyingine niliyoipenda. Anampa barua dada wa kuchapa pale dukani, ambaye Kiingereza chake ni cha kawaida, anamwambia aeleze kwa Kiswahili mwandishi anataka nini. Yule dada akasema, "Anataka aanze mwakani, mama yake mdogo anaumwa, na anauliza habari za hela, ila sijui hela gani." Kweli nilikuwa nimeandika "my money". Tukabadilisha ikawa "the deposit I paid on 14 May", nikaongeza kiasi. Mwezi tuliuandika kwa jina, kwa sababu tarehe yenye namba tupu Mwingereza na Mmarekani hawaisomi sawa.

Kwenye kufunga barua niliambiwa kanuni moja. Ukianza "Dear Sir or Madam" bila jina, unamaliza "Yours faithfully". Ukianza na jina la mtu, unamaliza "Yours sincerely". "Wako mtiifu" yetu isihamishwe ilivyo.

Kuna yasiyoniridhisha. Huduma ni ya taratibu mno: kati ya kikao na kikao anataka zipite siku mbili ili uisome barua yako kwa macho mapya, na mwenye tarehe ya mwisho kesho hatasaidika. Uchapaji pia si wa kuaminika. Nakala yangu ilirudi na "Your's" yenye alama isiyohitajika na mwaka mmoja umekosewa, bahati niliisoma kabla ya kuondoka. Hakikisha unaisoma hapo hapo dukani.

Barua niliituma Jumatatu. Safari hii hawakuuliza kama ninajitoa wala mgonjwa ni nani, walikubali, na malipo yakahamishiwa mwaka uliofuata. Jibu lilisainiwa kwa jina, kwa hiyo barua yangu ya kushukuru niliimaliza "Yours sincerely" bila kumuuliza mtu.

Baadaye nilimpelekea barua nyingine, ya kumshukuru mfadhili mzee wa Uskoti aliyenilipia sekondari. Hapo njia ile ile ilinipotosha. Tulipigia mistari, tukapunguza, ikatoka safi na baridi kama risiti. Mzee huyo hakuwa na uamuzi wa kufanya, kwa hiyo swali la "asipolijua hawezi kuamua" lilikata mambo yote aliyotaka kuyasikia: mvua, mahindi, mtoto wa jirani aliyepewa jina lake. Niliirudia nyumbani peke yangu, nikianza tena na Kiswahili, ila safari hii niliyabakiza yale ambayo hayakuwa na mstari. Salamu ndefu za "hofu na mashaka ni kwako uliye mbali" sikuzitafsiri. Niliuliza goti lake linaendeleaje baada ya upasuaji, kwa Kiingereza cha kawaida kabisa, nikaona hiyo ndiyo salamu.