Uzoefu wangu: kumwonyesha bibi shamba nyanya zinazonyauka kwa picha za simu

Nina nusu eka ya nyanya Mlali, Mvomero. Wiki ya sita tangu nihamishe miche kutoka kitaluni, mimea ya upande wa chini ikaanza kulala kama imemwagiwa maji ya moto. Nilikimbilia duka la pembejeo, nikaeleza kwa mdomo, nikauziwa dawa ya ukungu. Nikapiga mara mbili, haikusaidia. Ndipo jirani akaniunganisha na huduma ya ushauri kwa simu: unalipa shilingi 5,000, unatuma picha WhatsApp, mtaalamu anakujibu.

Nilituma picha tatu jioni, jua linazama. Moja nilipiga nikiwa nimesimama, shamba zima linaonekana kama zulia la kijani. Ya pili ni jani nililolisogelea mpaka simu ikashindwa kulishika, likatoka limefifia kabisa. Ya tatu ilikuwa nusu mmea, nusu kivuli changu. Nikasubiri jina la dawa.

Bibi shamba aliyenijibu hakunitajia dawa. Aliandika: "Kaka, kwenye picha hizi naona mmea umenyauka, lakini sababu siioni. Nikikutajia dawa sasa hivi nitakuwa nabahatisha na hela yako." Nilikasirika kidogo, maana nilikuwa nimeshalipa. Leo namshukuru kwa jibu lile.

Swali lake la kwanza lilikuwa hili: mmea unanyauka ukiwa bado kijani, au majani ya chini yanaanza njano kwanza? Sikuwa nimewahi kuliangalia. Akaniambia nichague mmea mmoja unaoumwa, niufunge kitambaa ili nisiupoteze, niupige picha saa 12 asubuhi na tena saa 7 mchana, nikiwa nimesimama palepale. Baadaye alinieleza sababu. Mmea wenye kiu hulala mchana ukaamka usiku. Ugonjwa wa mishipa ukiwa mchanga nao hufanya hivyohivyo, ila siku zikienda mmea hauamki tena. Picha ya jioni peke yake haiwezi kutenganisha hayo. Wangu asubuhi ulikuwa umelala, majani kijani kabisa, na ardhi chini yake ina unyevu.

Halafu akataka picha ya shamba, lakini ile ya zulia hakuitaka. Alisema nisimame mwisho wa mstari, nielekeze simu kwenye mstari wenyewe, kisha nihesabu. Nilihesabu mimea 23 iliyonyauka, na karibu yote ilikuwa kwenye mistari miwili inayofuata mfereji wa maji. Hapo akauliza maji yanatoka wapi na kabla ya nyanya kulikuwa na nini. Maji yanapitia shamba la jirani wa juu, ambaye msimu uliopita alilima bilinganya, nazo zilimfia. Kwa kweli nilikuwa naona hayo ni mambo ya jirani, sikuyahesabu kama habari ya nyanya zangu. Bilinganya, nyanya chungu, pilipili, viazi mviringo na nyanya ni ukoo mmoja, na yapo magonjwa ya udongoni yanayoushika ukoo wote. Aliuliza pia mbegu niliyopanda, akaomba picha ya lebo ya dawa niliyopiga, mbele na nyuma, badala ya jina nililokuwa nalikumbuka.

Sehemu iliyonifundisha zaidi ni mizizi na shina. Alinikataza kung'oa kwa kuvuta, kwa sababu mizizi midogo hukatikia ardhini, na ndiyo yenye ushahidi. Nilichimba kwa jembe kuzunguka mmea, nikatumbukiza mizizi kwenye ndoo ya maji mpaka udongo ukatoka, nikailaza juu ya sahani nyeupe. Kando yake nikalaza mizizi ya mmea usioumwa ili alinganishe. Alikuwa anatafuta vifundo vya minyoo fundo, ambayo nayo hufanya mmea udumae na kulala mchana. Vifundo havikuwepo.

Kisha nikapasua shina kwa urefu kuanzia chini, karibu na ardhi. Ndani, pembeni, kulikuwa na mstari wa kahawia. Mimi nikadhani jibu limepatikana. Yeye akasema bado, kwa sababu mnyauko fuzari, ambao ni wa ukungu, na mnyauko bakteria yote miwili hutia shina rangi hiyo. Picha ya shina, hata ingekuwa safi kama kioo, isingemaliza ubishi.

Akaniomba video. Nikate kipande cha shina kutoka chini ya mmea, nijaze glasi maji safi, nikishike kipande wima ncha yake iguse maji tu, nisikitikise. Nyuma ya glasi niweke kitambaa cheusi, na nirekodi dakika tano. Dakika ya pili hivi, nyuzi nyeupe nyembamba zikaanza kushuka kutoka kwenye shina, kama tone la maziwa linavyoshuka kwenye maji. Mke wangu aliziona kabla yangu. Ute ule ni bakteria wenyewe, na shina lenye fuzari halitoi nyuzi hizo.

Kuhusu upigaji, maelekezo yake yalikuwa machache na yote yalifanya kazi. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa safi. Usisogee karibu mno: kaa kama shibiri moja na nusu, gusa jani kwenye skrini simu ilishike, picha utaikata baadaye. Weka kiganja nyuma ya jani ili simu isikimbilie majani ya mbali. Usiwashe taa ya simu. Piga asubuhi, kwenye kivuli. Na WhatsApp hubana picha, kwa hiyo nizitume kama "Document". Jani lilelile lililokuwa limefifia likaonekana hadi vinyweleo.

Jibu lenyewe halikuwa tamu. Mnyauko bakteria hauna dawa ya kupiga ikauponya mmea, na dawa ya ukungu niliyonunua haigusi bakteria. Nilichimbua mimea 23 pamoja na udongo wa mizizini, nikaitoa shambani kwa gunia, nikaziba mfereji usipite kwenye mistari ile, nikawa nahudumia upande mzima kwanza ndipo ule mgonjwa, na kuosha jembe kila mara. Baadaye ilianguka mingine 9. Mistari ya juu imesimama na naanza kuchuma. Ule upande wa chini utakaa na mahindi misimu kadhaa, kwa sababu bakteria hawa hukaa udongoni miaka.

Upungufu wa huduma nausema pia. Maswali yalikuja kidogokidogo kwa siku mbili, na siku hizo mbili maji yaliendelea kupita mferejini. Fomu yao ya mwanzo inauliza jina, kata na picha tatu, basi. Wangeweka palepale mwanzoni picha ya asubuhi, picha ya mstari, zao la msimu uliopita na njia ya maji, mimi ningeziba mfereji siku ya kwanza. Video nayo ilinila bando, na wenye simu ndogo itawasumbua. Bibi shamba alisema angekubali picha mbili za glasi, ya mwanzo na ya baada ya dakika tano, na hilo nalo lingefaa liandikwe kwenye fomu. Nimewaandikia hayo yote. Shilingi 5,000 zangu sizijutii. Ninazozijutia ni zile za dawa ya ukungu.