Programu za kutambua sura na mahali kwenye picha: ipi uchukue kwanza

Chukua maktaba ya picha 12,000, mchanganyiko wa simu, kamera na chache zilizoskaniwa kutoka albamu za zamani. Ukiamua kuandika majina picha moja baada ya nyingine, sekunde 15 kila moja, utakaa kwenye kiti saa 50. Programu inayokusanya sura zinazofanana inabadilisha hesabu hiyo. Tuseme watu unaowajali ni 30, na kila mmoja katawanyika katika makundi matano kwa sababu ya umri, miwani au kofia. Hayo ni makundi 150, sekunde 20 kila kundi, jumla dakika 50. Ongeza jioni moja au mbili za kurekebisha makosa, na kazi imekwisha.

Kutambua sura, basi, programu nyingi zinaweza. Kinachozitofautisha, na ndicho nilichotumia kuzipanga hapa, ni mahali jina linapohifadhiwa. Baadhi huliandika ndani ya faili la picha, kwenye sehemu iitwayo XMP, pamoja na mraba unaoonyesha uso uko wapi. Nyingine huliweka kwenye hifadhidata yao tu. Ukihama programu za aina ya pili, picha zinakuja nawe na majina yanabaki nyuma. Mimi nilishapoteza kazi ya miezi kwa njia hiyo, na sitaki kuirudia.

1. digiKam

Hii ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux, na utambuzi wote unafanyika ndani ya kompyuta yako. Mara ya kwanza itaomba kupakua mafaili ya utambuzi, kwa hiyo uwe na intaneti siku hiyo. Baada ya hapo inapitia maktaba kutafuta nyuso. Kwenye kompyuta ya kawaida, iache ifanye kazi usiku kucha.

Mwenendo wake ni huu: unawataja watu wachache kwa mkono, kila mmoja kwa picha kadhaa za pembe na miaka tofauti, kisha unaiamuru itambue waliobaki. Inaleta mapendekezo, nawe unakubali au unakataa. Usikubali kwa mkupuo mwanzoni. Ukimkubali binamu mahali pa dada yake mara kumi, programu inajifunza kosa hilo na kulieneza. Dalili yake ni mtu mmoja kuanza kupendekezwa kwenye karibu kila picha; ukiona hivyo, rudi kwenye sura ulizothibitisha uondoe zisizo zake. Watoto ndio wagumu zaidi. Sura ya mwaka mmoja na ya miaka tisa huwa inazihesabu watu wawili, na hapo huna budi kuunganisha mwenyewe.

Kwa upande wa mahali, ina kihariri cha ramani ambacho kinaweza kugeuza namba za GPS kuwa majina ya mji na nchi na kuyaweka kama lebo. Hatua hii wengi huiruka, kisha hushangaa kwa nini wakiandika jina la mji hawapati kitu. Faili la simu lina latitudo na longitudo tu. Jina la mji halimo mpaka programu iliongeze.

Kasoro yake ni sura yake yenyewe: menyu nyingi, vitufe vingi. Na kabla ya kuanza, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya `Metadata`, uhakikishe umeruhusu lebo za nyuso ziandikwe kwenye mafaili. Nakili maktaba kwenye diski nyingine kwanza, maana programu inakwenda kugusa mafaili halisi.

2. Lightroom Classic

Ni ya usajili. Kwa anayehariri picha kila wiki, hii inaweza kupanda nafasi ya kwanza, kwa sababu utambuzi unakuja pamoja na chombo anachokilipia tayari. Majina ya watu yanakuwa maneno ya kutafutia, na ukiiamuru ihifadhi taarifa kwenye faili, yanaandikwa humo. Picha nyingi za RAW haziguswi. Taarifa zinawekwa kwenye faili dogo la `.xmp` kando yake, kwa hiyo ukihamisha picha, hamisha na mwenzake. Wakati wa kutoa picha nje kuna kisanduku cha `Remove Person Info`. Kikiwa na alama, majina yanafutwa kwenye nakala.

Usajili ukikatika bado unaweza kufungua maktaba na kuitazama, ila sehemu ya ramani inafungwa.

Ramani hiyo ndiyo inayonivutia kwa kamera isiyo na GPS. Simu inarekodi njia yako kama faili la GPX, nayo programu inalinganisha saa ya kila picha na saa ya njia. digiKam nayo inaweza. Tatizo la kawaida ni saa ya kamera. Ukisafiri na kuiacha kwenye saa za ulikotoka, tofauti ya saa mbili inaiweka kila picha ulikokuwa saa mbili kabla au baada, na kwa kuwa zote zimekosea sawasawa, ramani inaonekana nzuri kabisa. Dawa ni rahisi: mwanzoni mwa safari, piga picha ya saa ya simu kwa kamera. Baadaye linganisha muda unaosomeka ndani ya picha na muda ulioandikwa kwenye faili, kisha ingiza tofauti hiyo.

3. Apple Photos na Google Photos

Naziweka pamoja kwa makusudi. Kwa kutafuta, hakuna iliyo rahisi kuliko hizi: andika jina la mtu na la mji, picha zinakuja. Tatizo ni kutoka. Apple Photos hutambua sura ndani ya kifaa na kutoa picha pamoja na mahali ukiweka alama, lakini jina la mtu haliandikwi kwenye faili linalotoka. Google Photos, ukishusha maktaba yako kupitia Takeout, inaleta picha na faili la JSON kando. Mahali ulipoongeza baadaye panakaa humo, hapamo kwenye picha. Pia kupanga kwa sura hakupatikani katika kila nchi, kwa hiyo angalia kabla ya kulipia nafasi ya ziada kwa sababu hiyo.

Kama picha zako zote ni za simu na huna mpango wa kuhama, usinunue kitu kingine.

Immich sikuipa namba. Ni nzuri kwa familia yenye seva yake nyumbani, lakini majina ya nyuso yanakaa kwenye hifadhidata yake, na hiyo hifadhidata unailinda wewe.

Jaribio la kufanya kabla ya kulipa

Karibu kila programu ya kulipia ina kipindi cha majaribio. Weka humo picha 20, taja watu watatu, weka mahali picha moja isiyo na GPS yenye mmoja wao. Kisha toa picha hizo kwenye folda mpya na usome faili la picha hiyo moja kwa ExifTool, ambayo ni ya bure:

```
exiftool -G1 -s -RegionName -Subject -GPSPosition picha.jpg
```

Mstari wa `RegionName` ukija na jina, uso na jina vimeandikwa ndani. Likija kwenye `Subject` peke yake, utaweza kumtafuta mtu, ila programu inayofuata haitajua ni uso upi kati ya watano waliosimama pale. Usipotokea hata mmoja kati ya mistari yote mitatu, angalia mipangilio ya kutoa picha na ujaribu tena mara moja. Ikibaki hivyo, ifute programu hiyo.