Uzoefu wangu wa GIMP katika kuondoa stika ya bei kwenye thamosi inayong'aa

Kazi yangu ni kuhariri picha za bidhaa kwa wafanyabiashara wa Nairobi wanaouza mtandaoni, na wengi wao ni wauzaji wa vyombo wanaonunua mzigo Kamukunji. Picha wanazonitumia mara nyingi zimepigwa dukani kabla stika ya bei ya jumla haijabanduliwa, na chombo chenyewe huwa kimeshauzwa, kwa hiyo haiwezekani kupiga picha nyingine. Ninatumia GIMP, programu ya bure inayofanya kazi hata kwenye laputopu ya zamani, na hapa ninaitathmini kwa kazi moja tu, ambayo ndiyo inayowashinda wengi: kuondoa stika yenye msimbo pau kwenye chombo cha mviringo kinachong'aa.

Nitaeleza kupitia thamosi nyekundu ya chuma yenye rangi ya kung'aa. Stika ilikuwa tumboni, upande wa kulia, na nusu yake ilikuwa imekalia ule ukanda mweupe wa mng'ao unaoshuka kutoka shingoni hadi kitakoni. Hapo ndipo ugumu wote ulipo. Kwenye ukuta ulio bapa, rangi ya jirani yoyote inaweza kuziba pengo, lakini kwenye chombo cha mviringo wekundu hubadilika kila unaposogea kushoto au kulia: ukingoni umeiva karibu na weusi, katikati umekolea, kisha ghafla unafika kwenye mng'ao mweupe. Ukipanda au kushuka, hata hivyo, rangi karibu haibadiliki, kwa sababu kila mstari wa wima kwenye mcheduara unaelekea upande uleule wa mwanga. Kwa hiyo kiraka kinatoka juu au chini ya stika, kamwe hakitoki pembeni.

Zana ya Heal ndiyo ambayo watu huikimbilia kwanza, nayo ni nzuri sana kwa vumbi na mikwaruzo. Inachukua umbile la mahali ulipochagua, halafu inalinganisha rangi yake na rangi ya pale unapopaka. Ulinganishaji huo ndio unaoiangusha hapa, kwa kuwa brashi inapogusa ukingo wa stika, weupe wa stika huingizwa kwenye hesabu na kuacha doa la rangi ya waridi lililofifia. Kwenye ukingo wa mng'ao, ule mpaka mkali kati ya nyeupe na nyekundu huvurugika na kuonekana kama umepanguswa kwa kidole. Zana ya Clone hunakili bila kulinganisha, kwa hiyo ninaiamini zaidi penye mpaka mkali, ila mkono ukiyumba kidogo, mng'ao unapinda.

Njia iliyonipa matokeo bora haitumii hata moja kati ya hizo mbili. Kwanza ninaisimamisha thamosi wima kabisa kwa zana ya Measure: ninavuta mstari kufuata ukingo wa chombo, kisha ninabofya Straighten. Hatua hii ni ya lazima, kwani chombo kikiinama hata kidogo, kiraka kitashuka nje ya mstari wake. Baada ya hapo ninanakili tabaka zima la picha kwa Duplicate Layer, ninachagua zana ya Move, na kulishusha tabaka la juu kwa mshale wa kibodi peke yake. Situmii kipanya, kwa sababu mshale wa chini haupeleki picha kushoto wala kulia hata pikseli moja. Stika ya thamosi hii ilikuwa na kimo cha pikseli 180, na juu yake kulikuwa na nafasi safi ya pikseli 250, basi nililishusha tabaka kwa pikseli 220 hivi, mpaka sehemu safi ikaifunika stika yote. Kisha nikaongeza Layer Mask ya aina ya Black, ambayo huficha tabaka lote, nikapaka rangi nyeupe kwa brashi laini pale palipokuwa na stika. Mng'ao ukaungana juu na chini bila kupinda, tena ukiwa na chembechembe zilezile za kamera, jambo ambalo rangi ya kupakwa kwa mkono haiwezi kutoa.

Eneo la kupaka lazima lizidi stika yenyewe. Ukingo wa karatasi huacha kivuli chembamba, na zaidi ya hapo kuna uchafu unaoletwa na mbano wa JPEG, ambao hukata picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8. Mistari myeusi ya msimbo pau, kwa kuwa inatofautiana mno na weupe ulio kati yake, humwaga vumbi la rangi ndani ya vipande hivyo hadi nje ya stika. Kwa picha iliyopitia WhatsApp kwa njia ya kawaida, ninaongeza pikseli 16 kila upande, na ninawaomba wateja watume picha kama dokumenti ili isibanwe tena. Wala sichagui stika kwa kufuata rangi yake, maana weupe wake na weupe wa mng'ao ni kitu kimoja machoni pa programu.

Baada ya hayo kunaweza kubaki kasoro moja. Mwanga wa duka ulitoka darini, kwa hiyo wekundu wa juu ulikuwa mkali kidogo kuliko wa chini, na kiraka kilichotoka juu kikaonekana kung'aa kuliko wekundu ulio chini yake. Dawa yake ni kunakili tena tabaka la asili, safari hii kulipandisha kwa mshale wa juu ili sehemu safi ya chini ifunike stika, na kuliweka juu ya lile la kwanza. Nalo ninaliongezea Layer Mask ya aina ya Black, na kwenye kinyago hicho ninavuta Gradient ndani ya eneo la stika tu, nyeusi juu na nyeupe chini, ili kiraka kimoja kifie ndani ya kingine polepole. Kuhakiki, ninatengeneza tabaka la New from Visible, ninazidisha utofauti wa mwanga kwa Curves hadi picha iwe mbaya, na kama kuna mshono utajitokeza hapo. Kisha ninalifuta tabaka hilo.

Chombo kinachopungua upana kuelekea juu kinahitaji tabaka lipanuliwe kwa zana ya Perspective kabla ya kupaka. Chombo cha duara kama mpira, kwa mfano tumbo la birika, hakina mstari wowote ambao mwanga wake haubadiliki, na hapo ninarudi kwenye Clone kwa vipande vidogo huku nikijua kwamba kazi itachukua muda mrefu na huenda isipendeze. Stika ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, siigusi hata mteja akiniomba, kwa kuwa mnunuzi ana haki ya kuiona.

Na ikiwa stika imefunika yale maua yanayochapwa kwenye thamosi nyingi za hapa, sichori maua kwa kubahatisha. Ninamwomba mteja apige picha ya thamosi nyingine ya aina ileile, mahali palepale na kwa mwanga uleule, ninaifungua juu ya ile ya kwanza kama tabaka, na kuchukua ua halisi.