Simu kuwa kamera ya kikao: nunua waya kwanza

Kabla hujatoa hela ya kamera ya kuchomeka kwenye laptopu kwa ajili ya vikao vya mtandaoni, angalia simu uliyonayo. Kamera ya nyuma ya simu ya kawaida hutoa sura safi kuliko kamera nyingi za bei rahisi utakazooneshwa sokoni Makoroboi hapa Mwanza, hata kama boksi limeandikwa HD. Katika njia tatu za kupata sura nzuri kikaoni, kamera hizo nimeziweka namba tatu, na sina zaidi la kusema juu yake.

Namba moja ni kuunganisha simu na laptopu kwa waya wa USB unaopitisha data. Hapa ndipo watu wanapopigwa. Waya nyingi za chaji zina nyuzi za umeme tu ndani: simu inachaji vizuri, lakini kompyuta haioni kitu. Nenda dukani na laptopu, chomeka simu, gusa arifa ya USB na uchague "File transfer". Mafaili ya simu yakifunguka kwenye kompyuta, lipia. Yasipofunguka, rudisha, hata muuzaji aape vipi.

Baadhi ya simu za Android 14 na kuendelea zina chaguo la "Webcam" papo hapo kwenye menyu hiyo ya USB, huhitaji programu yoyote. Kama yako haina, weka DroidCam au Iriun Webcam kwenye simu na kwenye kompyuta pia.

Namba mbili ni kuziunganisha kwa waifai, ambayo haikugharimu chochote. Wengi wanaogopa bando, lakini picha inayotoka kwenye simu kwenda kwenye laptopu inazunguka humo humo ndani ya waifai yako; kinachokula bando ni kikao chenyewe. Shida ni nyingine. Siku moja nipo nyumbani Kirumba, kikao kimekolea, umeme ukakatika. Laptopu na simu zilikuwa na chaji, ila ruta ilizima, sura yangu ikaganda mdomo wazi. Ningekuwa na waya, kamera isingeyumba. Ningetafuta intaneti tu. Waifai za hoteli nazo mara nyingi huzuia vifaa visionane, hapo washa hotspoti ya simu na uunganishe laptopu humo. Kisha piga kofi moja mbele ya kamera: mlio ukitangulia mkono kwenye picha, ujue inachelewa.

Ubora wa picha? Chagua 720p. Kwa kikao cha watu wawili, Zoom inataka takriban Mbps 1.2 kwa 720p, lakini kutuma 1080p ni Mbps 3.8, na wenzako wanakuona kwenye kidirisha kidogo tu. Tena 1080p inachemsha simu, hasa ikiwa inachaji kwa waya huo huo. Vua kava.

Na ukiwa na dirisha linalotazama ziwa, likabili wewe. Ukiligeuzia mgongo mchana, maji yatang'aa nawe utaonekana kivuli, kamera iwe nzuri vipi.