Ununue mfuko gani wa uwekezaji? Pale Sharpe na Treynor wanapokosana

Shemeji yangu anauza vipuri vya malori kwenye barabara ya Kasumbalesa. Jumapili moja alinikuta nyumbani, hapa Kampemba, Lubumbashi, akiwa na dola 5,000 alizokusanya na karatasi nne alizochapisha: mfuko wa hisa za dunia nzima, mfuko mchanganyiko wa hisa na hatifungani, mfuko wa kampuni za migodi ya shaba, na mfuko wa dhahabu. “Shemeji, unichagulie moja tu,” akasema, kisha akaisogeza mbele ile ya shaba, maana ndiyo iliyoandikwa faida kubwa kuliko zote.

Mimi ni mhasibu, na nilimjibu kwa swali: hela hizi ndizo akiba yako yote, au unazo nyingine kwingine? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua upange mifuko kwa kipimo kipi. Hata hivyo watu wengi hulisahau na kuangalia faida peke yake.

Vipimo ni viwili na vyote vina umri. Jack Treynor alitoa chake mwaka 1965, William Sharpe akatoa chake mwaka 1966. Vyote huanza mahali pamoja: unachukua faida ya mfuko kwa mwaka, unaondoa faida ambayo ungeipata bila hatari yoyote, na kinachobaki ni faida ya ziada. Kwa mtu anayehesabu kwa dola, faida isiyo na hatari ni ile ya dhamana za muda mfupi za Hazina ya Marekani. Kama karatasi yako imeandikwa kwa yuro, tumia ya yuro, usichanganye.

Wanaachana kwenye kugawanya. Sharpe anagawanya kwa mtikisiko wote wa mfuko, yaani jinsi faida yake inavyopanda na kushuka mwezi hata mwezi, sababu iwe yoyote. Treynor anagawanya kwa beta, ambayo hupima sehemu ile tu ya mtikisiko inayofuata soko. Mfuko wenye beta 1.2 una tabia ya kushuka 1.2% soko linaposhuka 1%. Mgomo kwenye mgodi mmoja, au mvua iliyokata barabara, Treynor havihesabu. Anaona kwamba mwenye kapu pana atafidiwa na vitu vingine vilivyomo kapuni.

Sasa turudi kwenye karatasi nne. Nambari nimezilainisha ziwe rahisi kufuata, kwa hiyo zichukue kama mfano. Faida isiyo na hatari ni 4%, soko la dunia limeleta 9% kwa mtikisiko wa 15%.

| Mfuko | Faida | Mtikisiko | Beta | Sharpe | Treynor |
|---|---|---|---|---|---|
| Dunia nzima | 8.8% | 15% | 1.0 | 0.32 | 4.8 |
| Mchanganyiko | 7% | 8% | 0.5 | 0.375 | 6.0 |
| Shaba | 12% | 30% | 1.2 | 0.27 | 6.7 |
| Dhahabu | 7% | 16% | 0.1 | 0.19 | 30 |

Chukua shaba ujionee mwenyewe. Faida ya ziada ni 12 toa 4, sawa na 8. Ukigawanya kwa 30 unapata 0.27, ukigawanya kwa 1.2 unapata 6.7. Kwa Sharpe mpangilio ni mchanganyiko, dunia, shaba, dhahabu. Kwa Treynor ni dhahabu, shaba, mchanganyiko, dunia. Dhahabu iliyokuwa mkiani imepanda kichwani, na hakuna aliyekosea hesabu.

Ukinunua mmoja tu

Fuata Sharpe. Mtikisiko wote utakuwa wako, uwe wa soko au wa mgodi, kwa sababu hakuna kitu kingine cha kuufidia. Mpangilio wangu ni huu: wa kwanza mchanganyiko, wa pili dunia nzima, wa tatu shaba, wa nne dhahabu. Dunia nzima iko karibu na wa kwanza, na kijana mwenye miaka ishirini mbele yake simkatazi kuuchagua. Dhahabu peke yake ni mtikisiko wa hisa kwa faida ya mfuko mchanganyiko.

Ukiongeza kipande kwenye kapu lililopo

Hapa Treynor ndiye mwenye haki, na hili ndilo watu wanaloshindwa kuamini mpaka walione. Tuseme tayari una mfuko wa dunia nzima, wenye Sharpe 0.32. Unatoa sehemu moja ya kumi na kununua kitu kingine. Ukinunua mchanganyiko, Sharpe ya kapu zima inakuwa 0.324. Ukinunua shaba, ambayo peke yake ilikuwa na 0.27, kapu linapanda hadi 0.331. Ukinunua dhahabu, ile ya mkiani, linafika 0.336. Mpangilio uleule wa Treynor.

Sababu ni kwamba mtikisiko wa dhahabu hauendi pamoja na wa hisa, hivyo ndani ya kapu mwingi unamezwa. Katika mfano huu mtikisiko wa kapu lote unatoka 15% hadi kama 13.7%, ingawa umeongeza kitu kinachotikisika kuliko kapu lenyewe. Lakini ni kwa kipande kidogo. Ukiendelea kuongeza shaba mpaka ijaze kapu, unarudi kwenye 0.27 yako.

Kwa hiyo mpangilio wa kipande ni dhahabu, shaba, mchanganyiko. Nauweka kwa masharti mawili, na yote mawili yanatuhusu sana huku Katanga.

Sharti la kwanza ni beta yenyewe. Ile 30 ya dhahabu isikutie wazimu. Kwa miezi 60 ya takwimu, kosa la makadirio ya beta ya mfuko kama huu ni karibu 0.14. Maana yake beta ya 0.1 huwezi hata kuitofautisha na sifuri. Ingekuwa 0.2, Treynor ingeshuka hadi 15. Ingekuwa hasi 0.1, Treynor ingekuwa hasi 30 na mfuko ungewekwa mwisho kabisa, ilhali kwa kapu lako ungekuwa bora zaidi. Beta ikikaribia sifuri, acha Treynor na upige hesabu ya kapu zima kama nilivyofanya juu.

Utajuaje? Angalia R², ambayo karatasi nyingi huiandika. Inasema sehemu gani ya mtikisiko wa mfuko inaelezwa na soko. Dunia nzima iko karibu na 1, mchanganyiko 0.88, shaba 0.36, dhahabu haifiki hata 0.01. R² ikiwa kubwa, Sharpe na Treynor hukubaliana. Ikiwa ndogo, ndipo wanapogombana, na ndipo beta yenyewe inapokuwa dhaifu.

Kuna mtego mwingine hapohapo. Karatasi ya shaba ya shemeji iliandika beta 1.0 na R² 0.95. Nilishangaa, kisha nikasoma maandishi madogo chini: walikuwa wamepima mfuko wa migodi dhidi ya fahirisi, yaani kipimo cha mwendo wa bei za kundi zima la hisa, ya kampuni za migodi. Ni sawa na kumpima samaki dhidi ya samaki mwenzake. Ukichukua beta hiyo ukailinganisha na beta ya mfuko mwingine iliyopimwa dhidi ya dunia, umelinganisha kilo na mita. Mifuko yote ipimwe dhidi ya fahirisi moja, na kwa kawaida itabidi uhesabu mwenyewe. Weka faida za kila mwezi za mfuko safu ya B, za fahirisi safu ya C, miezi 60. Kwenye Excel ya Kifaransa tuliyo nayo wengi:

```
=ECARTYPE.STANDARD(B2:B61)*RACINE(12)
=PENTE(B2:B61;C2:C61)
=COEFFICIENT.DETERMINATION(B2:B61;C2:C61)
```

Wa kwanza ni mtikisiko wa mwaka, wa pili beta, wa tatu R². Kwenye beta mfuko utangulie, fahirisi ifuate. Ukigeuza utapata nambari nyingine kabisa na Excel haitakuambia kitu.

Sharti la pili ni kapu lako halisi ni lipi. Treynor anachukulia kwamba “soko” ni utajiri wako wote uliotawanyika duniani. Wa shemeji haukutawanyika. Wateja wake ni malori yanayobeba shaba, nyumba anayopangisha anakaa fundi wa mgodi, na mdogo wake ameajiriwa Kolwezi. Katikati ya mwaka 2008 tani ya shaba iliuzwa zaidi ya dola 8,000, na Desemba mwaka uleule ilikuwa chini ya 3,000. Alikuwapo, anakumbuka. Tulifungua daftari lake la zamani la madeni: kurasa za miezi ile zimejaa majina ambayo hayakupigwa mstari.

Kwa mtu kama huyu beta 1.2 ya mfuko wa shaba dhidi ya hisa za dunia haisemi lolote. Beta anayoihitaji ni ile dhidi ya bei ya shaba, kwa maana ndiyo inayotikisa duka lake, nyumba yake na ada za watoto. Ikihesabiwa hivyo, kipande cha shaba ni kuongeza kilekile alichonacho tayari kwa wingi. Mwalimu wa Bukavu mwenye akiba yake kwenye mfuko wa dunia anaweza kukinunua. Mtu wa Lubumbashi anayekula kwa shaba, mimi nakiondoa kwenye orodha kabisa, hata kama Treynor inang'aa.

Shemeji hakufurahi, lakini aliikunja ile karatasi na kuiweka mfukoni. Tukabaki na mchanganyiko kwa akiba kuu, na swali la dhahabu kidogo.

Tukahesabu gharama, maana hakuna kati ya vipimo hivi viwili kinachojua benki yako inakutoza ngapi. Kwake ilikuwa 3% ya kuingia, na dola 40 za kutuma kila mara. Kununua dhahabu ya dola 500 kungemgharimu 15 na 40, yaani 55: asilimia 11 imekwenda kabla hajamiliki kitu. Dhahabu ikatoka mezani. Mchanganyiko kwa dola 5,000 zote ni 150 na 40, jumla 190, sawa na 3.8%. Rudi kwenye jedwali: faida ya ziada ya mfuko huo kwa mwaka ni 3%. Faida ya ziada ya mwaka wa kwanza ingeliwa yote na ada, na ile Sharpe ya 0.375 ingekuwa chini ya sifuri.

Jumatatu akarudi benki kuuliza ile 3% inaweza kushushwa hadi ngapi.