Uzoefu wangu: nilimlipa mama wa steshenari anipangie daftari la zahanati kwa madai ya bima

Nimemlipa shilingi 25,000 na nampa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano iliungua kwenye mashine, nitaeleza.

Tarehe 2 Februari 2024 nilidondoka na bodaboda Mbezi, nikatua na mkono wa kushoto. Jioni hiyo nikaenda zahanati ya mtaani, zile ambazo unanunua kwanza daftari dukani ndipo tabibu akuandikie. Kesho yake nikapigwa eksirei hospitali, ikaonekana mfupa umevunjika karibu na kiwiko cha mkono, pale unapovalia saa. Nikafungwa P.O.P. Bima yangu ya ajali ilianza 1 Januari mwaka huohuo, na ni ile ya kulipa mwenyewe kisha unadai. Mwezi Juni nikapeleka nakala za daftari, risiti zote kwenye bahasha, na orodha ya tarehe niliyoiandika kwa mkono. Wiki tatu baadaye zikarudi: matibabu yalianza kabla ya bima.

Nikawatukana moyoni siku mbili nzima, kumbe mkosaji ni mimi.

Huyu mama ni mstaafu wa chumba cha mafaili ya wagonjwa, sasa ana meza yake ndani ya steshenari. Nilimwamkia, nikampa daftari na ile orodha. Akafungua ukurasa wa nyuma akaweka kidole: "Mwanangu, hii umeisoma nini?" Pameandikwa `Physio 3/12`. Nikamwambia tarehe 3 Desemba, na ndivyo nilivyoandika kwenye orodha. Akacheka hadi miwani ikateleza. Kwa madaktari namba ya chini inakwambia unahesabu nini: 7 ni siku, 52 ni wiki, 12 ni miezi. Kwa hiyo nilitakiwa kufanya mazoezi ya viungo kwa miezi mitatu. Ile `r/v 2/52` ni kurudi baada ya wiki mbili, na dawa iliyoandikwa `5/7` ni ya siku tano. Mtu wa bima aliona Desemba kwenye madai ya Juni, na Desemba iliyokwisha kupita ilikuwa ya 2023. Ningekuwa mimi, ningekataa pia.

Jambo la pili mimi wala sikuliona. Zahanati waliandika jeraha la nyama, halafu `r/o #`. Hospitali wakaandika mfupa umevunjika. Ukizisoma bila mpangilio unaona magonjwa mawili, na mtu wa bima anajiuliza analipia lipi. Mama akanieleza kwamba `#` ni mvunjiko na `r/o` ni kwamba tabibu anataka kuhakikisha kama upo au haupo, ndiyo maana alinituma eksirei. Basi akaandika kwa utaratibu: 2 Februari, dhana ya awali ya tabibu; 3 Februari, ugonjwa uliothibitishwa kwa eksirei, pamoja na namba ya ugonjwa huo, S52.5, kama daktari alivyoiandika kwenye fomu ya hospitali.

Jedwali lenyewe lilikuwa ukurasa mmoja tu. Kila siku niliyotibiwa ina mstari wake: tarehe, mahali, tatizo, nilichofanyiwa, ukurasa wa nakala, namba ya risiti. Mstari wa 17 Februari unasema nimekaguliwa P.O.P, wa 16 Machi imetolewa. Mazoezi akaweka mara tano nilizohudhuria, si miezi mitatu yote. Nilimwomba aongeze siku moja niliyonunua dawa za maumivu bila kwenda kwa daktari. Akakataa katakata: kisichokuwa na mwandiko wa mtabibu hakiingii, na daftari halifutwi wala kuongezwa hata nukta. Jedwali akanirudisha nalo kwa daktari wa hospitali alilinganishe na faili lake, asaini, apige mhuri. Hapo ndipo panapochosha, maana nilikaa foleni asubuhi mbili.

Sasa nyota ya tano. Risiti ya eksirei ilikuwa ya zile karatasi za mashine zinazofifia, na maandishi yalishaanza kupotea. Kijana wake akaona aiokoe kwa kuiwekea leminesheni. Karatasi zile huandikwa kwa joto, na mashine ya leminesheni nayo ni joto. Ilitoka nyeusi tii kama mkaa, hata jumla haionekani. Ilibidi nirudi kwa keshia wa hospitali anitolee nakala yenye mhuri. Mama aliomba radhi na kunirudishia shilingi 5,000, lakini nauli ya Mbezi kwenda na kurudi haikumo. Risiti zako zipige kopi siku unazozipokea, na usimpe yule kijana kitu chochote akishike.

Madai niliyapeleka upya mwezi Agosti. Walilipa yote yaliyokuwa kwenye jedwali.