Kilango cha paka au mbwa kwenye mlango wa nje: kipi ununue, na ukifunge vipi

Kabla ya kulinganisha aina, chukua vipimo, maana vilango vingi hurudishwa kwa sababu ya ukubwa. Msimamishe mnyama kando ya mlango upime vitu vitatu: upana wa mabega, kimo cha mgongo juu ya mabega, na umbali kutoka sakafuni hadi tumboni. Ongeza sentimita 4 hadi 5 kwenye upana. Ukingo wa chini wa kilango usipite kimo cha tumbo, na ukingo wa juu upite mabega kwa sentimita 2 au 3.

Tuseme paka ana mabega ya sentimita 13, mgongo upo sentimita 28 na tumbo sentimita 14. Kilango chenye uwazi wa sentimita 18 kwa 18 kitamtosha, kikianzia sentimita 13 kutoka sakafuni na kuishia 31. Lakini pima na upande wa nje. Ardhi ikiwa chini kwa sentimita 12, paka anayerudi atakuta kizingiti cha sentimita 25, na akizeeka atashindwa. Mwekee kidaraja nje. Mnyama ambaye bado anakua mpimie kwa ukubwa wa utu uzima wa aina yake.

Sasa aina zenyewe, tukianza na inayofaa zaidi mlango wa nje.

Ya kwanza ni kilango kinachosoma chipu iliyo chini ya ngozi ya mnyama. Kinamfungulia wako tu, na paka wa jirani hubaki nje. Soma maelezo vizuri: vingine husoma chipu wakati wa kuingia tu, na kutoka ni kwa yeyote. Ukitaka kumzuia paka mmoja asitoke usiku huku mwingine akitoka, tafuta kinachosoma pande zote mbili. Mlango wa chuma huvuruga usomaji, kwa hiyo hapo tundu hukatwa kubwa zaidi, kisha kilango hufungwa kwenye kibao cha plastiki au mbao. Betri zikiisha hakifunguki, basi zibadilishe taa ya onyo inapoanza kuwaka.

Ya pili ni chenye vifuniko viwili, kimoja ndani na kimoja nje, na kitasa cha mkono cha hali nne: wazi, kuingia tu, kutoka tu, kufungwa kabisa. Hewa inayobaki kati ya vifuniko huzuia baridi kuliko kifuniko kimoja kinene. Pasipo wanyama wa kigeni wanaozurura, na mahali penye upepo mkali, hiki tungekiweka mbele ya cha chipu.

Ya tatu ni cha sumaku ya kwenye ukosi. Hufanya kazi, ila sumaku hiyo huokota vijimisumari, na paka mwingine mwenye sumaku kama hiyo hukifungua pia. Cha mwisho ni kifuniko kimoja kisicho na kitasa. Hicho kiache kwa milango ya ndani.

Upepo mara nyingi haupenyi kwenye kifuniko, bali kati ya fremu na mlango. Mlango wa mbao wenye paneli ndio msumbufu: paneli ni nyembamba kuliko mbao zinazoizunguka, na fremu ikilalia vyote viwili inabaki na pengo. Ama fremu yote ikae ndani ya paneli, ama ujazie paneli kwa vipande vya mbao hadi iwe sawa. Mlango wa kuzuia moto usiukate. Kioo kilichoimarishwa kwa joto hakikatiki, hupasuka chote. Fundi vioo ataagiza kipya chenye tundu tayari.

Bandika tepu ya karatasi, chora kwa kutumia pimamaji, toboa pembe nne kwa keekee ya milimita 10, kisha kata kwa msumeno wa umeme wenye meno madogo. Piga msasa na upake rangi kingo zilizokatwa. Mbao tupu ikinyonya maji huvimba na kubana fremu. Weka silikoni nje, juu na pembeni, ukiacha chini wazi ili maji yatoke.

Skrubu kaza kwa zamu, kidogo kidogo. Ukizidisha, fremu hupinda na kifuniko kinakwaruza upande mmoja badala ya kurudi katikati na kushikwa na sumaku ya fremu. Dalili ni kifuniko kubaki wazi kidogo baada ya mnyama kupita. Legeza skrubu nusu mzunguko kabla hujalaumu sumaku. Kisha pitisha ukanda mwembamba wa karatasi pembeni mwa kifuniko siku ya upepo. Ukipepea, badilisha brashi au mpira wa kuzibia wa upande huo.

Mwisho, kilango kiwe mbali na kitasa cha mlango: ingiza mkono kupitia tundu, na ukikifikia, mwizi naye atakifikia. Ufunguo usiuache umechomekwa ndani.